Je, wajua? Floti 10, floti 3 na floti -2 zinaweza kuwa za kazi moja

"Kaka, stendi ya tenki kwenye ratiba mwanzoni ilikuwa na floti 10, pembeni yake imeandikwa 3, leo naangalia imekuwa -2. Sasa hizi ni floti tatu tofauti au ni ileile? Na fundi akichelewa anakula ipi kwanza?"

Floti ni siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kuleta madhara, na zote hizo ni za kazi ileile: 3 ni floti huru, haimsogezi mtu yeyote, 10 ni floti ya jumla, haisogezi makabidhiano, na -2 ni hiyohiyo ya jumla ikishapita sifuri. Fundi anakula huru kwanza, halafu iliyobaki kwenye jumla, ambayo ni ya pamoja na kazi inayofuata, halafu anaanza kula tarehe yenyewe ya makabidhiano. Ngoja nikuoneshe na nyumba ya wageni niliyoisimamia Raskazone, Tanga, maana pale kuchelewa kwa mtu mmoja kulipita hatua zote hizo moja baada ya nyingine, na ratiba yenyewe ni ya kazi tano tu, unaweza kuichora kwenye karatasi ya daftari.

Kuta zilishasimama na bati lipo juu. Fundi bomba anapasua kuta na kulaza mabomba ya ndani siku 8, hiyo ni A. Bomba zikishafukiwa ndo inakuja plasta na marumaru, siku 10, hiyo ni B. Huku upande wa pili, karakana moja Ngamiani inachomelea stendi ya tenki siku 5, ndani ya hizo siku 5 kuna na kupaka rangi ya kuzuia kutu maana ule upepo wa bahari Raskazone hauachi chuma, hiyo ni D. E ni kusimamisha stendi, kupandisha simtanki na kuunga na mabomba ya nyumba, siku 3, na anayefanya ni fundi bomba yuleyule kwa hiyo lazima A iishe na D iishe ndo E ianze. Mwisho F, siku 6, rangi ya kuta pamoja na kufunga masinki na vyoo na kujaribu maji, inasubiri B na E.

```
A -> B -> F
A -> E -> F
D -> E
```

Nahesabu kwa mwisho wa siku, 0 ni asubuhi ya kwanza kabla mtu hajashika nyundo. Ukienda mbele: A inaisha 8, B inaisha 18, F inaisha 24. D inaisha 5, lakini E haiwezi kuanza 5 kwa sababu fundi bomba bado yuko kwenye kuta mpaka 8, kwa hiyo E ni 8 mpaka 11. Mkataba unasema makabidhiano siku ya 24. Inatosha kabisa, ila haina hata siku moja ya ziada kwenye A, B na F, hiyo ndo njia ndefu kuliko zote.

Sasa rudi nyuma kutoka 24. F lazima ianze siku ya 18 ikichelewa sana, kwa hiyo E nayo mwisho wake kabisa ni 18, inabidi ianze si zaidi ya 15, na D basi mwisho wake kabisa ni 15. Hapo floti zinajitokeza zenyewe:

```
floti huru     = mwanzo wa mapema wa kazi inayofuata - mwisho wa mapema wa hii
floti ya jumla = mwisho wa kuchelewa wa hii - mwisho wa mapema wa hii
```

(Kama kazi inafuatwa na kadhaa, kwenye floti huru unachukua ile inayowahi kuanza.) Kwa D huru ni 8 toa 5, siku 3. Ya jumla ni 15 toa 5, siku 10. Kwa E zote mbili ni 7, maana F inaanza 18 na E inaisha 11.

Hapa ndo watu wengi wanateleza. Wanaona D ina 10, E ina 7, wanajumlisha wanapata 17. Hamna 17. Zile 7 za E zimo ndani ya zile 10 za D. D ina 3 ambazo ni zake kweli, akizitumia hakuna mtu anayejua, na zilizobaki 7 anakula chungu kimoja na E. Floti ya jumla ni mali ya njia nzima, haiko mfukoni kwa kazi moja, na programu inaiandika mbele ya kila kazi kana kwamba kila mtu kapewa yake, ndo maana mafundi wawili wanaweza kuambiwa kila mmoja "wewe una nafasi" na wote wakaamini.

Basi twende na yaliyotokea. Kwanza umeme ukawa unakatika Ngamiani mchana, mashine ya kuchomelea haiwaki, zikapotea siku 3. D ikaisha 8 badala ya 5. Nani aliumia? Hakuna. Fundi bomba ndo kwanza anamaliza kuta siku ileile, angeletewa stendi siku ya 5 ingekaa tu uani inalowa chumvi. Hiyo ndo floti huru, ikiliwa hakuna hata simu unayopiga. Baada ya hapo huru ya D ni 0, ya jumla imebaki 7.

Halafu tukakosa vyuma vya pembe vya unene ule uliochorwa, fundi akataka kuweka vyembamba, nikakataa kwa sababu lita elfu tano za maji ni tani tano na zinakaa juu ya vichwa vya watu, tukasubiri siku 4. D sasa inaisha 12, E inasogea 12 mpaka 15. F bado 18, makabidhiano bado 24. Ukiangalia tarehe ya mwisho tu utasema hakuna kilichotokea, lakini fundi bomba alimaliza kuta siku ya 8 na akakaa siku 4 bila kazi kwangu, na alikuwa kashaahidi kazi nyingine Pongwe kuanzia siku ya 14. Ikabidi nimuombe, akamtuma saidia wake kule, na siku za kukaa nikamlipa nusu. Kwa hiyo floti ya jumla ikianza kuliwa mwisho wa mradi hausogei ila mtu wa mbele yako anasogea, na huyo mtu ana mipango yake. Ndo tofauti yenyewe ya huru na jumla, na mimi naona inabidi msimamizi aangalie safu zote mbili. Kwenye programu ya ratiba ya P6 ni `Free Float` na `Total Float`, kwenye MS Project wanaita `Free Slack` na `Total Slack`, ni kitu kilekile. Zamani nilikuwa nafungua ya jumla peke yake, na kwa ratiba hii ingeniambia tulia una 3 bado, wakati huohuo fundi bomba anafungasha.

Tatu, stendi ilipoletwa kukaguliwa viungo viwili vilikuwa vimechomelewa juujuu, chuma hakijashikana, vikakatwa na kurudiwa, siku 3. D inaisha 15, E 15 mpaka 18, F inaanza 18. Chungu kimekauka. Sasa D na E zina 0 sawa na A, B na F, yaani una njia mbili ndefu badala ya moja, na ukichelewa popote unachelewesha makabidhiano. Ratiba bado inasomeka vizuri, tarehe 24 ipo palepale, na hii ndo hali ninayoiogopa kuliko -2 kwa sababu haipigi kelele.

Nne, mvua. Rangi ya kutu haikauki, siku 2. D inaisha 17, E inaisha 20, F inaanza 20 inaisha 26.

Hapa angalia kitu kimoja. Kama kwenye kompyuta hujaifunga tarehe ya mkataba, programu inarudi nyuma kutoka 26, inakuambia D, E na F zina 0, na B imepata 2. Haioni deni lolote, kwake mradi unaisha 26 basi. Floti hasi haizaliwi na kuchelewa peke yake, inazaliwa pale kuchelewa kunapokutana na tarehe uliyoipigilia msumari, `Must Finish By` kwenye P6 au `Deadline` kwenye MS Project. Ukiipigilia 24, F mwisho wake wa kuchelewa ni 24 na wa mapema ni 26, 24 toa 26 ni -2. D na E nazo -2. Maana yake ni kwamba siku 2 zimeshadaiwa, ili ufike kwa wakati ilitakiwa D iishe juzi.

Na B je? B inaisha 18 na mwisho wake wa kuchelewa ni 18, ya jumla ni 0. Lakini F haianzi mpaka 20, kwa hiyo floti huru ya B ni 2. Huru kubwa kuliko jumla! Siku ya kwanza kuiona nilidhani nimekosea kuingiza namba, kumbe iko sawa, huru inapimwa kwa kwenda mbele tu haijui habari za mkataba, na jumla inapimwa kutoka kwenye mkataba. Ukikuta hivyo ujue kuna njia nyingine yenye floti hasi inayoichelewesha kazi inayofuata, na usimwambie fundi plasta apunguze mwendo kwa sababu ya ile 2, ukija kurekebisha D na E ile 2 inayeyuka.

Mwenye nyumba alitaka tuongeze watu kwenye plasta. Ingekuwa hela ya bure, -2 haiko kwenye plasta, B hata ikiisha 16 F itaendelea kusubiri tenki mpaka 20. Deni liko D, E, F na linalipwa hukohuko.

Tulichofanya ni kuivunja F. Niliiandika kama kazi moja ya siku 6 kwa haraka, lakini ukweli ni rangi siku 4 halafu vifaa na kujaribu maji siku 2, na rangi haihitaji tenki, maji ya kusafishia brashi yanatoka kwenye pipa. Kwa hiyo rangi ikaanza 18 mara tu plasta na marumaru vilipoisha, ikaisha 22, na vifaa, vinavyosubiri rangi na tenki, vikaanza 22. Tenki lilikuwa tayari 20. Makabidhiano 24. E ikatoka -2 ikawa na 2 chanya, bila kibarua hata mmoja kuongezwa, na ndani ya zile siku 2 fundi bomba alirudi siku ya 21 kukaza kiungo kimoja kilichokuwa kinavuja chini ya simtanki.