Dhahabu: opsheni ya kununua si fyucha ya bei nafuu

Namungo, wilayani Ruangwa, dhahabu inauzwa kwa gramu. Kijana wa Lindi au Mtwara anayefuata bei ya dunia kwenye simu anakutana na aunsi, yaani gramu 31.1, na anakutana pia na maneno ya vijiweni kuhusu fyucha na opsheni yanayoweza kummaliza mtaji. Fyucha ni mkataba unaokufunga kununua au kuuza baadaye kwa bei mliyokubaliana leo. Opsheni ya kununua inakupa haki ya kununua kwa bei iliyopangwa bila kukulazimisha, nawe unailipia ada.

Dhana: Opsheni ina hasara ndogo.

Ukweli: hasara yake ina mpaka, lakini mpaka huo ni ada yote uliyolipa. Tuchukue mfano. Fyucha ya dhahabu iko dola 2,400 kwa aunsi. Unanunua haki ya kununua aunsi 10 kwa bei hiyohiyo ndani ya siku 60, kwa ada ya dola 60 kwa aunsi, jumla dola 600. Siku ya mwisho bei ikiwa 2,400 au chini yake, dola 600 zote zimekwenda. Bei haikuhitaji hata kushuka. Mwenye fyucha, bei ikibaki palepale, hajapoteza kitu zaidi ya ada ya dalali.

Dhana: Kwenye fyucha, nikiweka dola 1,500 siwezi kupoteza zaidi ya hizo.

Ukweli: hizo ni dhamana tu. Kwa aunsi 10 zilezile unabeba mzigo wa dola 24,000, na hesabu hufungwa kila siku. Bei ikishuka hadi 2,280, dola 1,200 zimeshakatwa. Dalali atakutaka uongeze pesa, na usipoongeza anakufungia nafasi yako. Bei ikiruka ghafla kabla hajakufungia, unaweza kubaki na deni. Hapa ndipo opsheni inapostahili ada yake: bei ikishuka hadi 2,280 kisha ikapanda hadi 2,550 kabla ya siku 60 kwisha, mwenye fyucha aliyefungiwa hayumo tena, ila mwenye opsheni anapata dola 150 kwa aunsi. Ukitoa ada, faida yake ni dola 900.

Dhana: Dhahabu ikipanda, opsheni lazima ilipe.

Ukweli: siku ya mwisho bei ikiwa 2,440, fyucha imeleta dola 400. Opsheni ina thamani ya dola 400 nayo, lakini uliinunua 600, kwa hiyo umepoteza 200 ingawa ulibashiri sawa. Ni lazima bei ivuke 2,460.

Muda nao hauli thamani kwa kasi moja. Bei na mtikisiko wa soko visipobadilika, opsheni yetu ya dola 60 kwa aunsi itakuwa na thamani ya takriban 42 zikibaki siku 30, na takriban 24 zikibaki siku 10. Siku 30 za mwanzo zimekula dola 18. Za mwisho zitakula 42 zilizobaki. Ndiyo maana mimi huona opsheni ya siku chache, inayoonekana rahisi, ndiyo hatari zaidi kwa mgeni. Ni bora ununue yenye muda mrefu kuliko unaodhani unahitaji, kisha uiuze mapema ingali na siku zake, badala ya kuishikilia hadi siku ya mwisho.