Pole Si Radhi: Dhana Potofu Kuhusu Kufungua Hafla Iliyochelewa

Kadi ya mwaliko ilisema saa nane mchana. Nilishika kipaza sauti saa tisa kasoro dakika kumi, katika ukumbi mmoja wa katikati ya Nairobi, kwenye hafla ya kuwapa vyeti wahitimu wa ushonaji. Nikasema, "Hamjambo?" Wakaitikia kwa sauti ya chini. Nikasema tena, "Sijawasikia! Hamjambo?" Mama mmoja wa safu ya mbele akaitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Tangu siku ile sijamlazimisha mtu aliyengojeshwa anisalimie mara mbili.

Dhana: Tunyamaze kwanza, tutaomba radhi tukianza.

Siku ile ukumbi ulikaa dakika hamsini bila kuambiwa neno, na kufikia wakati niliposimama kila mtu alikuwa ameshajipa maelezo yake mwenyewe. Radhi ya kwanza ilistahili kutolewa saa nane na dakika tano. Maneno machache yangetosha: mitambo ya sauti bado inafungwa, tutaanza saa tisa kasorobo, vyoo viko upande wa kushoto, na mwenye kutaka kunyoosha miguu nje ana nafasi.

Saa unayoitaja ndiyo yenye hatari. Fundi akikwambia dakika kumi na tano, wewe tangaza ishirini na tano. Ukianza mapema kuliko ulivyosema, hakuna atakayelalamika, lakini ukivunja ahadi ya pili, hata radhi yako ya baadaye haitasikilizwa.

Dhana: Maelezo marefu ndiyo heshima.

Wengi wetu husingizia msongamano wa Thika Road. Lakini aliyeketi mbele yako amepita Thika Road hiyohiyo, akatoka nyumbani mapema, akafika. Ukiitaja, unamwambia kwamba bidii yake haikuwa na maana. "Sababu zisizoweza kuepukika" nayo imechakaa, na husikika kama kuficha jambo.

Kosa la ndani zaidi liko kwenye neno lenyewe. Mfawidhi husema, "Poleni kwa kungoja." Pole humpa mtu faraja kwa lililompata, kama mvua au homa, bila kusema nani alilisababisha. Aliyekuchelewesha akikupa pole, amejitenga na kosa lake. Hapa panahitajika "tunaomba radhi" au "tumekosa". "Asanteni kwa uvumilivu" inaweza kufuata, ila isitangulie radhi, kwa sababu watu hao hawakuulizwa kama wangependa kuvumilia.

Hivi ndivyo ningepaswa kusema siku ile:

"Mabibi na mabwana, karibuni. Tulipaswa kuanza saa nane, na sasa ni saa tisa kasoro dakika kumi. Mitambo ilichelewa kufungwa, na kosa ni letu waandalizi. Tunaomba radhi. Tumepunguza hotuba, na tutamaliza saa kumi na moja kama kadi ilivyosema. Tunaanza na wahitimu wenyewe, na mavazi waliyoyashona."

Hayo huchukua kama nusu dakika. Sentensi yenye uzito ni ile ya kumaliza saa kumi na moja, nayo hudai hesabu kabla ya kupanda jukwaani. Tulikuwa na hotuba saba za dakika kumi kila moja. Tungebakisha tatu, tungeokoa dakika arobaini, na chai ya nusu saa ingekuwa ya dakika ishirini. Dakika hamsini zingekuwa zimerudi zote. Wale wanne waliokatwa huambiwa pembeni, mmoja mmoja, kwamba watatajwa na kusimama wapungie watu mkono. Usiwakate ukiwa jukwaani.

Dhana: Soma ratiba yote ili watu wajue kinachokuja.

Orodha ya mambo kumi na manne, kwa mtu aliyekwisha kungoja, ni ngojangoja nyingine. Anahitaji kujua kinachoanza sasa, chai ni saa ngapi, na ataondoka saa ngapi. Hilo la mwisho lina uzito hapa kwetu: wa Rongai na Kitengela wanajua nauli ya matatu hupanda jioni, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Mengine yatambulishe moja moja yakifika.

Dhana: Hatuwezi kuanza bila mgeni wa heshima.

Hotuba yake haiwezi kuanza bila yeye. Maombi, Wimbo wa Taifa, maonyesho ya mavazi na shairi la wanafunzi vinaweza. Akiingia katikati ya shairi, mwache mtoto amalize ubeti wake wa mwisho, watu wampigie makofi, ndipo umkaribishe mgeni. Radhi usiirudie kwa ajili yake. Waliodaiwa radhi wameshaipata.