Epigrafu: kumtaja mwenyewe si kupewa ruhusa

Epigrafu ni maneno mafupi ya mtu mwingine yanayowekwa peke yake mwanzoni mwa kitabu, baada ya tabaruku na kabla ya sura ya kwanza. Wengine huweka moja juu ya kila sura. Si tabaruku, maana tabaruku ni maneno yako kwa mtu wako. Wala si dibaji, kwa kuwa dibaji inaeleza na epigrafu haielezi kitu. Inakaa tu pale na kumwachia msomaji kazi ya kutafuta inahusianaje na yanayofuata. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haihitaji aya ya pili.

Kinachohitaji aya nyingi ni jibu ninalopewa kila nikimuuliza mwandishi kama ana ruhusa ya mistari aliyoiweka mbele ya mswada wake: "Si nimemtaja?" Ndiyo, umemtaja, na umefanya vizuri. Lakini kutaja chanzo na kupata ruhusa ni wajibu wa aina mbili, na kuutimiza wa kwanza hakukuondolei wa pili. Kutaja kunamwambia msomaji kwamba maneno si yako. Ruhusa inatoka kwa mwenye haki, na inasema kwamba maneno hayo unaweza kuyachapa na kuyauza. Mtu akichukua baiskeli ya jirani bila kuomba, kisha akabandika jina la jirani kwenye kiti chake, bado ameichukua.

Mkanganyiko huu una chanzo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao nchi zetu nyingi zimeuridhia, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kihalali, na katika kifungu hichohicho cha 10 unataka chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Watu wamekumbuka sharti la kutaja wakayasahau mengine mawili: kwamba nukuu iendane na desturi ya haki, na kwamba urefu wake usizidi kile kinachohitajiwa na lengo la kunukuu. Neno linaloisumbua epigrafu hapo ni "lengo". Anayeandika uhakiki hunukuu ubeti ili aufafanue au aupinge; ukiuondoa ubeti, hoja yake inaanguka. Epigrafu haijadiliwi popote kitabuni. Ukiiondoa, riwaya inabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo ukiulizwa lengo lako lilikuwa nini, mara nyingi jibu la kweli ni kwamba ulipenda yalivyosikika.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inafuata lugha ya Berne, kwa hiyo angalau pana mlango wa kujadiliana. Kenya mlango ni mwembamba zaidi. Sheria yake ya mwaka 2001 inataja matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, au kuripoti matukio ya sasa. Kupamba ukurasa wa mbele wa riwaya hakumo kwenye orodha hiyo. Humohumo yametajwa "vipande viwili vifupi" vinavyoweza kuingizwa katika mkusanyiko wa kazi za fasihi au muziki, ila ni mkusanyiko ulioandaliwa kwa matumizi ya shule au chuo kikuu. Riwaya ya dukani haimo.

Kuna pia ile hadithi ya maneno 300, kwamba chini ya hapo uko salama. Hakuna sheria yoyote kati ya nilizozitaja yenye idadi hiyo. Kuna cha kuchekesha zaidi: mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya jarida lililochapa maneno kama 300 kutoka kitabu kizima cha kumbukumbu za Rais Gerald Ford, ambacho kilikuwa bado hakijatoka. Mahakama ilitazama uzito wa maneno yaliyochukuliwa katika kitabu kile, haikuishia kwenye wingi wake.

Tuichukue kesi moja na kuifuata hadi mwisho. Tuseme umeandika riwaya inayotokea Tanga na unataka epigrafu tatu: ubeti wa Al-Inkishafi, sentensi ya Shaaban Robert, na mistari minne ya wimbo wa taarab uliovuma miaka ya sabini. (Tatu ni nyingi, lakini tuendelee.)

Al-Inkishafi haina shida. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifariki mapema karne ya 19, na shairi lake ni la umma. Tahadhari ni moja: liangalie toleo ulilonakilia. Shairi ni la kila mtu, ila utangulizi, maelezo ya chini na tafsiri iliyo ukurasa wa pili vina wenyewe. Anayeandika riwaya kwa Kiingereza na kuchukua ubeti uliotafsiriwa anamnukuu mfasiri, na mfasiri anaweza kuwa hai. Ni vivyo hivyo kwa Qurani. Kiarabu chake hakidaiwi na mtu, lakini tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ni kazi yake, naye alifariki mwaka 1982. Kwa hesabu ya Kenya na Tanzania, ambayo ni miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, tafsiri hiyo inalindwa hadi mwisho wa 2032.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Jumlisha 50 na uende hadi mwisho wa mwaka: ulinzi ulikwisha tarehe 31 Desemba 2012. Ukichapa Dar es Salaam na kuuza Dar es Salaam, sentensi yake unaitumia bila kumwomba mtu, hata kama toleo lililo mezani kwako lina alama ya hakimiliki ya mchapishaji wa juzi. Alama hiyo inalinda alichokiongeza yeye. Tatizo linaanza pale kitabu chako kinapopandishwa kwenye duka la mtandaoni linalouza dunia nzima. Uingereza na Umoja wa Ulaya hutumia miaka 70 baada ya kifo, na Marekani kazi nyingi za zamani huhesabiwa miaka 95 tangu zilipochapishwa. Vitabu kadhaa vya Kiswahili vya enzi za ukoloni vilichapwa kwanza London, na mahali pa uchapishaji wa kwanza panaweza kugeuza hesabu. Jibu la Dar es Salaam haliwi jibu la kila mahali, kwa hiyo amua kwanza kitabu kitauzwa wapi ndipo uhesabu miaka.

Wimbo ndio wenye kazi. Mistari minne katika wimbo wa mistari kumi na miwili ni theluthi ya kazi nzima, na hakuna mahakama utakayoiambia kuwa theluthi ni kidogo. Halafu, katika taarab aliyeimba mara nyingi siye aliyetunga. Sauti iliyorekodiwa ina mwenyewe, muziki una mwenyewe, na maneno, ambayo ndiyo pekee unayoyataka wewe, ni ya mtunzi wa mashairi au warithi wake. Barua kwa mwimbaji inaweza kukuletea jibu zuri kabisa kutoka kwa mtu asiye na haki ya kulitoa. Na risiti ya ada ya kupiga muziki hadharani, ile ambayo mwenye hoteli hulipia, haihusiani na kuchapa maneno kwenye karatasi.

Kama mtunzi amefariki, unamtafuta msimamizi wa mirathi, si mtoto wa kwanza uliyempata kwenye simu. Barua yenyewe haihitaji sifa nyingi. Inatosha hivi:

"Naomba ruhusa ya kuchapa mistari minne ya wimbo uliotungwa na marehemu baba yenu. Maneno nitakayotumia nimeyaandika hapa chini kama yalivyo. Yatakaa peke yake kwenye ukurasa kabla ya sura ya kwanza ya riwaya yangu. Itachapwa nakala 1,000, pamoja na toleo la kidijitali na la sauti, kwa Kiswahili, na itauzwa ndani na nje ya nchi. Naomba mnijulishe kama haki ya maneno haya iko kwenu, ada kama ipo, na jinsi mnavyopenda atajwe."

Kila kitu mle kina sababu. Usipotaja toleo la sauti sasa, ruhusa utakayopewa haitalifunika, na utarudi kuomba upya. Idadi ya nakala hivyo hivyo: ruhusa ya nakala 1,000 inakwisha na nakala ya elfu moja. Maneno kamili yawepo, kwa sababu familia nyingine zitakuambia palepale kwamba mstari wa tatu umeukosea, na hapo umepata faida ambayo tovuti za nukuu hazikupi. Tuma mapema, kabla mswada haujafika kwa mpanga kurasa. Majibu ya aina hii huchukua miezi. Na kimya si ruhusa. Watu wana tabia ya kuandika kwenye barua "nisipojibiwa ndani ya siku 30 nitahesabu kuwa mmekubali". Sentensi hiyo haina nguvu yoyote.

Soma pia mkataba wako na mchapishaji. Mara nyingi kuna kifungu kinachosema mwandishi anathibitisha kwamba kazi haivunji haki ya mtu, na kwamba yeye ndiye atakayebeba gharama likitokea dai. Ndiyo maana mhariri anakuuliza kwa upole na wewe unamjibu kwa hasira: deni likija, linakuja kwako.

Ruhusa isipopatikana, riwaya haifi. Unaweza kuutaja wimbo kwa jina ndani ya hadithi, maana jina la wimbo peke yake kwa kawaida halilindwi na hakimiliki, ukaeleza kwa maneno yako jinsi ukumbi ulivyosimama ulipoanza kupigwa. Kwa kitabu cha maelezo, ihamishe nukuu kutoka ukurasa wa mbele uipeleke katikati ya sura, kisha uijadili kwelikweli. Hapo umeingia kwenye uhakiki ambao hata sheria ya Kenya inautambua. Nukuu iwe ya urefu unaohitajiwa na mjadala tu.

Basi, ukurasa wa hakimiliki. Ninaona miswada imeandikwa "kwa hisani ya" ikifuatiwa na jina la mtunzi ambaye hakuna aliyemwandikia. Hisani hutolewa na mtu, na hapo haijatolewa. Kwa mistari ya taarab, andika "imechapwa kwa ruhusa ya" mara tu barua iliyotiwa saini iko mkononi, na si kabla. Kwa ubeti wa Al-Inkishafi, jina la mtunzi na toleo ulilonakilia vinatosha.