"Injini ni ya Mitsubishi": dhana zinazolaza magari mageni gereji

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu. Mteja anakuja nimkagulie gari la Kichina analotaka kununua, nikimuuliza kuhusu spea ananikatiza: "Fundi, injini yake ni ya Mitsubishi." Kwake maneno yameisha.

Dhana: injini ikiwa ya Kijapani, spea zipo

Habari yenyewe ina asili. Great Wall Hover za mwanzo zilifungwa 4G64, injini ya Mitsubishi ambayo fundi yeyote mzoefu anaifahamu. Haval za leo, za kampuni hiyohiyo, zina injini za Great Wall wenyewe, kwa hiyo hadithi imeshapitwa na wakati. Lakini hata ingekuwa kweli, ni lini mara ya mwisho uliona gari la miaka mitatu limelala gereji kwa sababu ya injini? Kinacholaza gari changa ni taa, bampa, saidi mira, radieta, kioo cha mbele. Hivyo vyote Mitsubishi haikuvitengeneza.

Mwaka jana nililetewa gari la mwaka mmoja na nusu lililogongana na bodaboda. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa imepasuka, bampa limechanika, na sensa ya rada iliyojificha nyuma ya bampa imekatika. Kwangu hiyo ni kazi ya siku mbili. Wakala alikuwa na bampa, sensa ikafika baada ya siku kumi, taa ikachukua wiki 9. Bima kubwa alikuwa nayo, na bima ilikubali kulipa bila ubishi, ila hela ya bima haiwashi taa. Ingekuwa Rav4 ya mtumba, ningetuma kijana kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi na taa ingekuwa mezani kabla ya adhuhuri.

Tofauti inatokana na njia ya spea kufika hapa. Toyota zinakatwa Japani na vipande vyake vinaletwa kwa kontena, na Wajapani wanapita kushoto barabarani kama sisi, usukani ukiwa kulia. China usukani uko kushoto. Ukiagiza taa iliyotoka kwenye gari la huko, itaingia vizuri kwenye tundu lake halafu itammulika machoni dereva anayekuja mbele yako. Raki ya stiaringi na dashibodi ndiyo kabisa, haviingii. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: je, modeli hiyo inauzwa Afrika Kusini, Australia, Uingereza au Thailand? Ikiwa inauzwa huko, vipande vya usukani wa kulia vipo duniani. Ikiwa haiuzwi, unategemea mlango mmoja tu, wa wakala.

Na kwa wakala usiulize "Spea mnazo?" Hakuna atakayekujibu hapana. Pita shorumu bila kusimama, nenda kaunta ya spea na namba ya chasisi ya gari lenyewe, uwaulize vitu sita: taa ya mbele, saidi mira, radieta, kioo cha mbele, raki ya stiaringi na shokomzoba ya mbele. Kila kimoja bei gani, na kipo rafuni leo? Wakisema wanaagiza, uliza agizo la mwisho lilifika baada ya siku ngapi. Mimi vikipatikana chini ya vitatu simshauri mtu anunue. Filta na pedi za breki usivihesabu, hivyo kila mtu anavyo.

Dhana: waranti ya miaka saba inatosha

Waranti inashughulikia ubovu wa kiwandani. Ile taa iliyopasuka haimo. Na kama gari uliliagiza mwenyewe kutoka China au Dubai, muulize wakala wa hapa kwa maandishi kama analitambua, kabla hujalipa.

Dhana: kampuni kubwa haiwezi kuondoka

Mwaka 2017 General Motors ilitangaza kuacha kuuza Chevrolet Afrika Kusini, na mwaka huohuo ikawauzia Isuzu hisa zake za Nairobi. Iliahidi kuheshimu waranti, sawa. Mnunuzi wa mkono wa pili haangalii ahadi.

Dhana: likiwa jipya litauzika tu

Mpigie dalali wa yadi, mwambie una modeli hiyo ya miaka mitatu, unataka hela taslimu leo. Kimya chake ndiyo bei. Tuseme umenunua kwa milioni 75 na baada ya miaka minne unapewa 38: umepoteza zaidi ya milioni tisa kila mwaka. Anayepanga kukaa nalo miaka kumi, hesabu hiyo haimuumi sana, na mtu wa namna hiyo huwa namwambia anunue.

Mwenye ile taa ameshalitangaza lake. Amepigiwa simu mbili mpaka sasa, na wote wawili wamemuuliza taa inauzwaje.