Kufungua barua pepe mara mbili kwa siku: dhana na ukweli

"Weka vikumbusho viwili kwenye simu, basi."
Kikumbusho hukuita tu, hakizuii kitu. Kama arifa za barua pepe bado zinalia, utafungua kikasha saa tatu, saa tano na saa saba, halafu kengele ya saa tisa itakukuta umeshamo ndani. Zima arifa kwanza. Kwenye Gmail ya simu, ingia mipangilio, chagua akaunti, kisha kwenye arifa weka `None`.

"Wateja wangu watakwama."
Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni namna unavyopanga saa. Mchukue karani wa wakala wa forodha Dar es Salaam. Akifungua kikasha saa nne asubuhi, hukuta maswali ya tangu jana jioni pamoja na yaliyotumwa ofisi zilipofunguliwa. Zamu ya pili huiweka saa tisa alasiri, siyo saa kumi na moja, kwa sababu nyaraka ikipungua bado kuna mtu ofisini wa kuitafuta. La dharura lipitie simu: chini ya kila barua anaandika, "Nasoma barua pepe saa 4 na saa 9. Kwa jambo la haraka, piga simu." Asipoandika hivyo, mteja hatajua na atalalamika kwa haki.

Lakini kama kazi yako ni dawati la huduma lililoahidi jibu ndani ya saa moja, mpango huu haukufai. Fungua kila saa.

"Zikirundikana, sitazimaliza."
Idadi ni ileile. Tena ukianza na barua ya mwisho katika mazungumzo, mara nyingi unakuta swali la asubuhi limeshajibiwa na mwenzako. Kinachoua mpango ni kuchungulia: unasoma, unafunga, unairudisha ionekane haijasomwa. Ukiona barua umeshaifungua mara tatu bila uamuzi, hiyo zamu haikuwa ya kazi. Kila barua ijibiwe, ikabidhiwe mwingine, ipewe siku kwenye kalenda, au iondolewe.

"Utafiti umethibitisha mara moja ndiyo bora."
Haujathibitisha. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2015, wenye watu wazima 124, uliwapa kikomo cha mara tatu kwa siku, na wiki hiyo msongo wao ulipungua. Mbili au moja ni chaguo lako kulingana na kazi.

"Nikitaka kutuma tu, lazima nipite kwenye kikasha."
Hapa ndipo wengi hunaswa: umeingia kutuma ankara, umetoka baada ya nusu saa. Kwenye kompyuta, hifadhi kiungo hiki kwenye kivinjari. Kinafungua ukurasa wa kuandika peke yake:

```
https://mail.google.com/mail/?view=cm&fs=1
```

Ukihitaji barua uliyotuma zamani, hifadhi na hiki, kinachokupeleka moja kwa moja kwenye zilizotumwa:

```
https://mail.google.com/mail/u/0/#sent
```