Saspensi ilikuwa 590,000, mbona faida imeongezeka 20,000 tu? Dhana potofu na ukweli

KWENDA: Meneja
KUTOKA: Mhasibu msaidizi
YAH: Kufunga akaunti ya saspensi na faida mpya ya mwaka

Shikamoo bosi. Ile saspensi ya 590,000 imeisha, sasa inasoma sifuri, na faida ya mwaka imetoka 8,640,000 imekuwa 8,660,000.

Najua utauliza mbona imepanda elfu 20 tu wakati iliyokwama ilikuwa karibu laki 6. Wengi hapa dukani wanaamini hela iliyo kwenye saspensi ni faida au hasara iliyojificha. Sio kweli. Ile 590,000 ilikuwa tofauti ya urari tu, debiti zilizidi krediti kwa kiasi hicho, ikawekwa upande wa krediti ili urari usimame huku tunatafuta makosa. Na makosa yenyewe yalikuwa 3, mengine yanavuta huku mengine kule, na moja haligusi faida kabisa.

La kwanza lipo kwenye daftari la mauzo. Jumla ya ukurasa mmoja ilikuwa 4,360,000 ila ukurasa uliofuata ikahamishwa kama 3,860,000, kwa hiyo mauzo yakapungua laki 5 wakati akaunti za wateja ziko sawa maana zile zinaandikwa ankara moja moja. Nimedebiti saspensi 500,000 nikakrediti mauzo, faida ikapanda kiasi hichohicho.

La pili ni punguzo tulilowapa wateja, 90,000 kwa mwaka mzima. Hili nililiona kwenye urari wenyewe, akaunti ya gharama imekaa upande wa krediti, ukiona hivyo ujue kuna kitu. Hapa ndo watu wanachanganya sana, wanadhani unarekebisha 90,000. Hapana, unarekebisha 180,000, maana 90,000 ya kwanza inafuta ile iliyokaa upande usio wake na ya pili ndo inaweka gharama yenyewe mahali pake. Nimedebiti punguzo 180,000 nikakrediti saspensi, faida ikashuka 180,000.

Kuna ile ya kugawa tofauti kwa 9, kwamba ikigawanyika bila baki basi kuna tarakimu zimepinduliwa. Hiyo ni dalili tu, sio uthibitisho, na inasaidia kama kosa limebaki moja, kwa sababu 590,000 haigawanyiki kwa 9 na mtu angesema hakuna tarakimu zilizopinduliwa. Nilipoondoa hayo mawili ya juu saspensi ikabaki 270,000, na hiyo inagawanyika vizuri, ndo nikaanza kulinganisha daftari la fedha na akaunti za wateja nikakuta mteja mmoja alilipa 740,000 ila kwenye akaunti yake imeandikwa 470,000. Nimedebiti saspensi 270,000 nikakrediti mteja. Faida haikusogea hata shilingi, kilichopungua ni deni lake.

Kuna pendekezo lilitolewa tufunge tu saspensi kwa kuipeleka kwenye mapato mengineyo, eti ni kiasi kidogo. Bosi, tungefanya hivyo faida ingesoma 9,230,000, faida ambayo haipo, na yule mteja tungeendelea kumdai 270,000 aliyokwisha lipa, naye ana risiti yetu mkononi.

Dhana ya mwisho ndo inaniumiza kichwa zaidi, kwamba saspensi ikiwa sifuri vitabu ni safi. Saspensi inanasa tu makosa yanayovuruga urari. Matengenezo ya injini ya bajaji ya mizigo, 400,000, yalidebitiwa akaunti ya vyombo vya usafiri badala ya matengenezo. Debiti ipo, krediti ipo, urari hauna habari. Nililipata kwa kupitia kila kilichoongezwa kwenye mali za kudumu na kuomba risiti yake, na risiti ilikuwa ya fundi, hatujanunua bajaji mpya. Kuihamishia kwenye gharama kumeshusha faida 400,000, ila pia tulikuwa tumeikata uchakavu wa asilimia 25 kama mali, yaani 100,000, kwa hiyo hiyo inarudi. Wengi wanaisahau hii ya uchakavu.

Ukijumlisha sasa: 8,640,000 ongeza 500,000, toa 180,000, toa 400,000, ongeza 100,000, unapata 8,660,000. Kwa hiyo kilichosogeza faida sio saspensi peke yake, bila ile bajaji ingesoma 8,960,000 na saspensi ingekuwa sifuri vilevile.

Kwenye mizania wadaiwa wameshuka 270,000, vyombo vya usafiri baada ya uchakavu vimeshuka 300,000, na ule mstari wa saspensi uliokuwa umekaa kama deni letu umeondoka.

Jurnali zote 5 nimeziambatanisha, kila moja na risiti au ukurasa wake wa daftari. Naomba uzisaini kabla mteja hajatumiwa taarifa ya deni ya mwezi huu, maana iliyokwisha andaliwa bado ina ile 270,000.