Makusudio ya Sharia Hayatoi Fatwa Peke Yake: Mfano wa Benki ya Maziwa ya Mama

Nimeandikiwa tena. Safari hii ni daktari kijana wa wodi ya watoto njiti, na hoja yake ilikuwa fupi: sharia imekuja kulinda nafsi, maziwa yanayotolewa na wanawake wengine humsaidia mtoto njiti kubaki hai, basi benki ya maziwa ni halali, na masheikh wanaoipinga hawajui makusudio ya sharia. Siku mbili kabla yake nilisikia darasani hoja nyingine, iliyosemwa kwa yakini ileile: sharia imekuja kulinda nasaba, benki ya maziwa inachanganya nasaba, basi ni haramu, na wanaoiruhusu wameyapa kisogo makusudio ya sharia. Hoja mbili za umbo moja zimezaa hukumu mbili zinazopingana, na wenyewe hawakushtuka. Nimekuwa nikilijibu jambo hili vipande vipande kwa miaka, na sasa naliandika kwa urefu.

Misingi naipitia haraka. Al-Ghazali aliyataja makusudio matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga maslahi katika daraja tatu: ya dharura, ya haja na ya kupamba. Jambo ambalo watu hulisahau ni namna maimamu hao walivyoyapata makusudio hayo. Hawakuyakuta yameorodheshwa katika aya moja. Waliyachota kutoka kwenye hukumu nyingi ndogo ndogo, wakazifuatilia mpaka wakaona zote zinaelekea upande mmoja. Kwa hiyo kulishika kusudio kubwa na kuziruka zile hukumu zilizolizaa ni kuukata mti ili uyapate matunda yake. Mwenye kutoa fatwa hana budi kuingia kwanza katika hukumu zenyewe, na katika suala la maziwa hukumu hizo ni pana kuliko wanavyodhani wote wawili, yule daktari na yule wa darasani.

Asili ya suala ni aya ya 23 ya Sura An-Nisaa, inayowataja mama waliotunyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wanawake tusioweza kuwaoa, pamoja na hadithi mashuhuri kwamba kinachoharimishwa na nasaba huharimishwa pia na kunyonya. Kinachoogopwa katika benki ya maziwa ni kwamba mtoto atakunywa maziwa ya wanawake asiowajua, kisha miaka ishirini na kitu baadaye atamwoa binti wa mmojawapo, na kumbe wamenyonya ziwa moja.

Sasa ingia ndani. Je, kunywa maziwa kwa kikombe au kwa mpira ni kunyonya? Al-Laith bin Saad na wanazuoni wa Kidhahiri, wanaoshika maana ya dhahiri ya neno, walisema hapana, kwa kuwa neno la Kiarabu linamaanisha mtoto kuishika chuchu kwa kinywa chake. Wanazuoni walio wengi, na Mashafii wakiwamo, walisema ndiyo, kwa sababu kinachozingatiwa ni maziwa kufika tumboni na kumlisha mtoto, na mapokezi yanataja kuota kwa nyama na kukomaa kwa mfupa. Je, ni mara ngapi? Mahanafi na Wamaliki huhesabu hata kidogo. Mashafii hushika hadithi ya Bibi Aisha katika Sahihi Muslim, kwamba ni mara tano zinazojulikana, tena kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili. Na maziwa ya wanawake wawili yakichanganywa? Miongoni mwa Mahanafi, Abu Yusuf alisema hukumu inamfuata yule ambaye maziwa yake yamezidi, na Muhammad bin al-Hasan akasema inawafuata wote wawili. Haya waliyaandika karne nyingi kabla ya jokofu kuwapo.

Kuna mlango ambao siwaoni watu wakiufungua kabisa, nao ni hukumu ya shaka. Mashafii wanasema wazi kwamba ukishuku kama kunyonya kulifika mara tano au hakukufika, uharamu hauthibiti, kwa kuwa asili ni kutokuwapo. An-Nawawi katika Minhaj akaenda mbali zaidi: mtu ambaye maharimu wake amechanganyika na wanawake wa mji mkubwa, asiweze kumtambua, anaruhusiwa kuoa katika mji huo, lakini akichanganyika na wanawake wachache wanaohesabika, hamuoi yeyote kati yao. Soma sentensi hiyo mara mbili. Fiqhi iliyopo tayari inatenganisha benki yenye maelfu ya watoaji wasiojulikana na wodi yenye watoaji kumi na mmoja ambao majina yao yamo daftarini. Wala haimaanishi kwamba kutojua ni jambo la kutafutwa kwa makusudi, maana ipo pia hadithi ya Uqba bin al-Harith katika Bukhari: mwanamke alidai kuwa amemnyonyesha yeye na mkewe, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia, "Vipi, na hali imekwisha kusemwa?" Uqba akaachana na mkewe. Wengi miongoni mwa Mashafii waliichukua hadithi hiyo kuwa ni maelekezo ya kujihadhari, si hukumu ya lazima. Hata hivyo inaonyesha uzito wa neno moja linapofika masikioni mwa wanandoa.

Baada ya hapo ndipo tuwasome wanazuoni wa zama zetu. Mwaka 1983, katika kongamano la madaktari na mafakihi huko Kuwait, Yusuf al-Qaradawi aliruhusu benki hizi. Hakusema tu kwamba nafsi inatangulizwa. Alichagua maana finyu ya kunyonya, akaongeza hukumu ya shaka, na kisha akasema kwamba maslahi ya watoto dhaifu yanaupa nguvu uchaguzi huo. Mwezi wa Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, likikutana Jidda, lilikataza kuanzishwa kwa benki hizo katika ulimwengu wa Kiislamu na likaharamisha mtoto kunyweshwa maziwa yake. Kulinda nasaba kulitajwa katika azimio hilo kuwa ni kusudio la sharia. Lakini azimio lina sababu nyingine ambayo wanaolinukuu huiacha: lilisema kwamba mahusiano ya kijamii katika ulimwengu wa Kiislamu yanampatia mtoto njiti, au mwenye uzito mdogo, mnyonyeshaji wa kawaida, na kwa hiyo benki hazihitajiki.

Sababu hiyo si aya wala hadithi. Ni maelezo ya hali ya watu, na hali ya watu hubadilika. Anayelichukua azimio la 1985 na kulipeleka katika mji ambao mama amelazwa mahututi, bibi yuko nchi nyingine, na jirani hajulikani hata jina, amelichukua neno na kuiacha nguzo iliyolishikilia. Mwaka 2004 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti halikuona ubaya kutumia maziwa ya benki pale haja inapokuwapo, na mtu anaweza kulitofautisha na azimio la Jidda bila kudai kwamba upande mmoja haukujua makusudio ya sharia. Wote waliyajua. Walitofautiana katika maana ya kunyonya, katika uzito wa shaka na katika hali waliyoitazama.

Nieleze nilivyolifanyia kazi suala moja, bila kutaja watu wala hospitali. Baba mmoja alinipigia usiku. Mtoto wake alizaliwa na wiki 28, akiwa na uzito wa gramu 1,050, na mama alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Maziwa ya kopo yalikuwapo, lakini daktari alimweleza kwamba kwa njiti mdogo kiasi hicho maziwa ya kopo huongeza hatari ya ugonjwa wa utumbo kuoza, na maziwa ya binadamu hupunguza hatari hiyo. Sikumpa jibu papo hapo. Nilimwomba anipatie kwa simu mhudumu wa wodi, nikamuuliza chupa moja ina maziwa ya wanawake wangapi, mtoto ananyweshwa mara ngapi, na kama nambari iliyo kwenye chupa inaweza kumfikisha mtu kwa mtoaji. Alinijibu kwamba kila chupa ni ya mtoaji mmoja, kwamba mtoto hunyweshwa kwa mpira kila baada ya saa mbili, na kwamba majina yapo ila hayatolewi bila idhini ya wenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila saa mbili ni mara kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo mtoaji mmoja akitumika siku nzima mara tano zinapita kabla ya siku kuisha. Kwa madhehebu ya Shafii sikuweza kumwambia baba huyo kwamba hakuna undugu. Nilimwambia amnyweshe mtoto, na kwamba wanawake hao tuwahesabu kuwa mama zake wa kunyonya, tukiwaomba kwa njia ya hospitali waruhusu majina yao na ya watoto wao yaandikwe. Kwa njia hiyo nafsi ilihudumiwa, na nasaba ikalindwa kwa kujua badala ya kukataza. Hapo ndipo kusudio lilipofanya kazi yake: halikuifuta hukumu ya mara tano, bali lilinionyesha niipeleke wapi.

Shaka zangu sizifichi. Ya kwanza ni daraja. Kwa kuwa maziwa ya kopo yapo, sina hakika kwamba hali ile ilifika dharura. Naiona ni haja nzito iliyopandishwa daraja, na hatari inapaswa kuwa kubwa kiasi gani ili ipande, hakuna kitabu cha usuli kinachonipa kipimo. Ya pili ni mpangilio wenyewe wa makusudio. Tunasema nafsi iko mbele ya nasaba kana kwamba ni jambo lililokatwa, na ilhali ash-Shatibi mwenyewe hakushika mpangilio mmoja kila alipoyataja. Hata ukishika mpangilio, kilichogongana na uhai katika benki si nasaba yenyewe, bali ni uwezekano wa shaka kuingia ndani yake, na kuvipima vitu viwili visivyo vya daraja moja ndilo kosa ninalolikuta kila ninapoletewa suala hili.

Katika suala la mtoto yule wodi ilikuwa na watoaji kumi na mmoja, na ambao maziwa yao yalimfikia yeye walikuwa watatu. Wawili walikubali, na baba ameandika majina yao na ya watoto wao katika daftari lililohifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wa tatu alikataa. Nilimwambia baba kwamba huyo amechanganyika na wanawake wa mji mzima, kwa hiyo mtoto hafungiwi kuoa katika mji huo. Lakini siku moja akitaka kumposa binti ambaye inajulikana kuwa mama yake alikuwa miongoni mwa watoaji kumi na mmoja wa wodi ile katika mwezi ule, amwache. Aliniuliza kama hilo la mwisho ni lazima au ni tahadhari. Nilimjibu kuwa naliona ni lazima, kwa sababu kumi na mmoja wanahesabika.